Barua ya kumfukuza mtunza stoo: sababu ziandikweje, na rufaa ikae wapi

*"Mtaalamu, naomba msaada wako. Nasimamia utumishi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Buguruni, tuko wafanyakazi ishirini na kidogo. Mtunza stoo wetu alitoa mifuko 18 ya saruji bila hati, kisha akaandika uongo kwenye leja. Kikao cha nidhamu kilikaa Jumanne chini ya meneja mauzo, akakutwa na kosa. Mkurugenzi anataka barua fupi: 'Umefukuzwa kazi kwa wizi na utovu mkubwa wa nidhamu.' Anataka niongezee uchelewaji wake wa mwaka jana, nimwambie hana stahiki yoyote, na bei ya saruji tuikate kwenye mshahara wa mwisho. Kuhusu rufaa anasema nisiandike kitu, tutakuwa tunamfundisha kutushtaki. Jamaa ana miaka sita kazini na hajawahi kupewa onyo la maandishi. Niandikeje?"*

Ndugu yangu, barua ya namna hiyo usiitoe. Kosa lenyewe, kwa maelezo yako, ni zito na huenda kweli linatosha kumwondoa mtu kazini. Lakini barua aliyokuelekeza mkurugenzi inaweza kuwaangusha hata kama kikao kilikwenda vizuri.

Watu wengi wanadhani barua ndiyo inayomfukuza mtu. Uamuzi unatokana na kikao. Barua inauwasilisha na kueleza umetokana na nini. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi aliyevuka miezi sita kazini akidai kuwa ameachishwa isivyo halali, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mambo mawili: kwamba kulikuwa na sababu halali, na kwamba utaratibu ulifuatwa. Ufafanuzi wa mambo hayo mawili umo kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Kama hujawahi kulisoma, litafute leo, kwa sababu mwamuzi atakayesikiliza shauri lenu atakuwa nalo mezani.

Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kuna karatasi tatu ambazo lazima zitasomwa pamoja: barua ya tuhuma mliyompa kabla ya kikao, muhtasari wa kikao, na barua ya kumwachisha. Zote tatu zinatakiwa kusema jambo moja. Sababu mtakayoiandika kwenye barua ya mwisho ndiyo mtakayodaiwa kuithibitisha, na hamtaruhusiwa kirahisi kuibadilisha mkiwa mbele ya mwamuzi.

Ndiyo maana neno "wizi" linanitia wasiwasi. Hebu fungua barua ya tuhuma uone iliandika nini. Kama ilimtuhumu kutoa mali stoo bila hati ya kutolea mzigo na kuingiza taarifa za uongo kwenye leja, basi hayo mawili ndiyo aliyojitetea nayo, na hayo ndiyo aliyokutwa nayo. Mkiandika "wizi" mmemhukumu kwa tuhuma ambayo hakuulizwa. Tena mmejiongezea mzigo, kwa kuwa sasa mtaulizwa saruji ilikwenda wapi, nani aliinunua, na pesa aliipokea nani. Pengine hamna jibu hata moja. Uongo kwenye leja mnao, kwa mwandiko wake na saini yake. Kosa la kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa limetajwa wazi kwenye kanuni hizo kati ya makosa yanayoweza kuhalalisha kumwachisha mtu hata kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hamhitaji neno kali zaidi ya hilo.

Uchelewaji nao uache. Haukuwa kwenye tuhuma, haukujadiliwa kikaoni, na mtu mwenyewe hana onyo la maandishi. Ukiuchomeka sasa, mwamuzi atajiuliza kama saruji peke yake haikutosha mpaka mkaanza kutafuta vya kujazia.

Sasa tuje kwenye kuandika sababu. Maneno "utovu mkubwa wa nidhamu" ni jina la kundi la makosa. Hayamwambii mtu amefanya nini. Sababu inayosimama inaeleza tendo, siku na mahali lilipofanyika, kanuni ya kazi iliyovunjwa na jinsi mfanyakazi alivyoijua, ushahidi uliosikilizwa, na jibu la utetezi wake. Halafu kuna kipande ambacho barua nyingi zinakiruka, nacho ni kwa nini adhabu ni kufukuzwa na si onyo la mwisho. Kanuni zinataka mtu akishakutwa na kosa apewe nafasi ya kueleza yanayoweza kumpunguzia adhabu, na mwajiri aangalie uzito wa kosa, aina ya kazi, muda wa utumishi, rekodi ya nidhamu na hali yake binafsi. Mtu huyu ana miaka sita safi. Barua isipoitaja miaka hiyo itaonekana hamkuifikiria kabisa. Itajeni, kisha mseme kwa nini haikutosha: mtunza stoo ndiye mtu pekee anayeandika kinachoingia na kinachotoka, na mwajiri hana namna ya kuendelea na mtu wa nafasi hiyo ikiwa leja yake haiaminiki.

Kama kikaoni hakuulizwa kabisa kuhusu kupunguziwa adhabu, msijifanye aliulizwa. Mwiteni, hata kesho, mwenyekiti amsikilize kwenye hilo, mliweke kwenye muhtasari, ndipo adhabu iamuliwe. Hilo linarekebishika sasa. Barua ikishatoka, halirekebishiki tena kwa urahisi.

Kuhusu rufaa, mkurugenzi wako amelielewa jambo kinyume. Kanuni zinasema mfanyakazi anayeachishwa apewe sababu na akumbushwe haki yake ya kupeleka mgogoro CMA. Kwa hiyo kuitaja haki hiyo ni sehemu ya utaratibu wenyewe, na kunyamaza ni kasoro anayoweza kuielekezea kidole siku ya kwanza. Wala kimya hakimzuii kwenda. Ndugu, jirani au kiongozi wa chama cha wafanyakazi atamwelekeza kabla wiki haijaisha.

Elewa kwamba hapa kuna njia mbili, kila moja na saa yake. Ya kwanza ni rufaa ya ndani ya kampuni. Mwongozo wa nidhamu uliomo kwenye kanuni hizo unampa siku tano za kazi kuijaza na kuikabidhi pamoja na maelezo yake ya maandishi, na rufaa hiyo inakwenda kwa kiongozi wa ngazi ya juu zaidi ya aliyeendesha kikao. Kama sera yenu ya ndani inatoa muda mrefu zaidi, mpeni huo mrefu. Ya pili ni kupeleka mgogoro CMA kwa Fomu Namba 1. Muda wake ni siku 30, zikihesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kuthibitisha kuachishwa huko. Akichelewa analazimika kuomba kwanza aongezewe muda na kueleza kilichomchelewesha. Kule shauri linaanza kwa usuluhishi, na wasipoelewana linakwenda kwenye uamuzi.

Kwa sababu hiyo tarehe kwenye barua ina kazi kubwa. Tuseme ameipokea Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025. Tukiiacha Jumamosi, hata kama mnaifanyia kazi, siku tano zinaanza Jumatatu tarehe 15 na kuishia Ijumaa tarehe 19. Iandike tarehe hiyo ya mwisho waziwazi, usimwachie akahesabu mwenyewe. Akikata rufaa, mjibuni kwa maandishi bila kuikalia, kwa kuwa siku 30 za kwenda CMA zitaanza kuhesabiwa upya tangu uamuzi wa rufaa. Na kama mfanyakazi yeyote anasoma jibu hili akiwa ameshika barua ya namna hii, nawe shika hili: rufaa ya ndani ikikaliwa kimya, usisubiri hadi siku 30 tangu barua ya kwanza zipite ukitumaini utajibiwa. Nenda CMA ndani ya siku hizo.

Jambo moja sasa linamhusu mkurugenzi mwenyewe. Kwenye kampuni ya watu ishirini na kidogo, juu ya meneja mauzo kuna nani? Bila shaka ni yeye. Basi yeye ndiye wa kusikiliza rufaa, na hawezi kuisikiliza kwa haki kama ndiye aliyekuagiza maneno ya barua na akaisaini. Mwombe akae mbali kuanzia sasa. Adhabu itoke kwa mwenyekiti wa kikao kwenye ripoti yake, barua uisaini wewe au mwenyekiti, na mkurugenzi abaki na nafasi ya kuliangalia jambo upya. Kama ameshaingia ndani mno, kwa mfano alitoa ushahidi kikaoni au ameshawatangazia wafanyakazi wote kwamba jamaa hatarudi, tafuteni mtu wa nje asiye na upande aisikilize rufaa.

Kwenye pesa nitakwenda haraka, lakini usiipuuze sehemu hii. Anayeachishwa kihalali kwa kosa la kinidhamu hapati kiinua mgongo, na kwa kosa kubwa mwajiri anaweza kumwachisha bila notisi. Hapo mkurugenzi yuko sawa. Lakini "hana stahiki yoyote" si kweli. Analipwa siku alizofanya kazi, pamoja na zile alizosimamishwa kupisha uchunguzi, maana kusimamishwa huko kunakwenda na mshahara kamili. Analipwa likizo aliyoichuma na hakuichukua, na anapewa cheti cha utumishi. Michango yake ya NSSF ya mwezi huo inapelekwa kama kawaida. Kwa kuwa hukusema aliajiriwa wapi, angalia na hilo: kama mlimchukua mkoani mkamleta Dar, sheria inawataka mumrudishe alikoajiriwa na mizigo yake, au mumlipe gharama hiyo, pamoja na posho ya kujikimu kwa muda anaosubiri kusafirishwa.

Kwa mshahara, tuseme analipwa sh. 600,000 kwa mwezi na mnafanya kazi siku sita kwa wiki. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, ambao hapa ni kama sh. 138,472. Ugawe kwa siku sita unapata kama sh. 23,079 kwa siku. Kuanzia tarehe 1 hadi 12 Septemba kuna siku 11 za kazi, hivyo mshahara wake unakaribia sh. 253,866 kabla ya makato ya kisheria.

Bei ya saruji msiikate hivihivi. Kabla ya kukata fidia ya hasara, sheria inataka hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi lilivyokokotolewa, na mfanyakazi apewe nafasi ya kulipinga. Hata baada ya hayo yote, makato hayavuki robo ya ujira wake, na deni halizidi hasara halisi. Kumeza mshahara wote wa mwisho ni kumpa jamaa dai la pili ambalo hakuwa nalo.

Nimekuandikia mfano. Badilisha yanayohusu kwenu, na kila sentensi uilinganishe na muhtasari. Ambacho hakikutokea, kitoe.

> 12 Septemba 2025
>
> Kwa: Ndugu ………………, Mtunza Stoo
>
> YAH: UAMUZI WA KUKUACHISHA KAZI KWA KOSA KUBWA LA KINIDHAMU
>
> Rejea barua ya tuhuma uliyoipokea tarehe 3 Septemba 2025 na kikao cha nidhamu kilichofanyika tarehe 9 Septemba 2025, ambacho ulihudhuria ukisaidiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua.
>
> Ulituhumiwa kwamba Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025 ulitoa mifuko 18 ya saruji kwenye stoo ya Buguruni bila hati ya kutolea mzigo, na kwamba siku hiyohiyo uliandika kwenye leja kuwa mifuko hiyo ilirudishwa kwa msambazaji kwa kuharibika.
>
> Kikao kilisikiliza ushahidi wa mlinzi wa geti, kikaangalia picha za kamera za getini, leja yenye saini yako, na barua ya msambazaji inayosema hakupokea mzigo wowote siku hiyo. Ulipewa nafasi ya kuwauliza mashahidi. Ulijitetea kuwa uliagizwa kwa simu na meneja mauzo msaidizi. Meneja huyo aliitwa, akakana, nawe hukuonyesha kumbukumbu ya simu hiyo. Kikao hakikuukubali utetezi huo.
>
> Kikao kimeridhika kuwa umevunja utaratibu wa stoo unaokataza kutoa mzigo bila hati, utaratibu uliousaini ulipoajiriwa, na kwamba uliandika taarifa za uongo kwenye kumbukumbu za kampuni. Hilo ni kosa la kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa.
>
> Kabla ya adhabu uliomba kikao kizingatie miaka yako sita ya utumishi bila onyo na kwamba una familia inayokutegemea. Hayo yamezingatiwa. Hata hivyo, kazi yako inategemea usahihi wa kumbukumbu unazoziandika mwenyewe, na taarifa ya uongo imeondoa uaminifu ambao ajira hii haiwezi kuendelea bila huo. Kwa hiyo umeachishwa kazi kuanzia leo, tarehe 12 Septemba 2025, bila notisi.
>
> Utalipwa mshahara wa siku ulizofanya kazi hadi leo na malipo ya likizo ambayo hukuichukua, kwa mchanganuo uliowekwa pamoja na barua hii. Utapewa pia cheti cha utumishi.
>
> Una haki ya kukata rufaa kwa Mkurugenzi kwa kujaza sehemu ya rufaa kwenye fomu ya nidhamu iliyoambatishwa na kuikabidhi kwa mwenyekiti wa kikao pamoja na maelezo yako, kabla ya kufungwa kwa ofisi Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025. Una haki pia ya kupeleka mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kwako kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa au tangu tarehe ya uamuzi wa mwisho wa rufaa yako.

Ona kwamba mfano huo haumtukani mtu, haumhusishi na genge lolote, na haumwiti mwizi. Unaweza kusomwa na mke wake, na mwajiri atakayemwajiri kesho, na mwamuzi, na wote watatu wakaelewa nini kilitokea. Iandike kwa Kiswahili. Kanuni zinataka tuhuma zitolewe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, na mimi ningeifuata kanuni hiyo hadi barua ya mwisho. Nimeona mafaili ambamo kikao chote kilikwenda kwa Kiswahili, kisha barua ya mwisho ikanakiliwa kutoka mtandaoni kwa Kiingereza kizito, ikitaja vifungu vya sheria ya nchi nyingine.

Mkabidhi mkononi, faraghani, si mbele ya wenzake stoo. Achukue nakala na asaini nyingine kuonyesha ameipokea. Mwambie kabisa kuwa kusaini hakuna maana kwamba amekubali. Akikataa, usibishane naye. Shahidi aliyekuwepo aandike kwenye nakala yenu kuwa barua ilisomwa na kukabidhiwa siku hiyo saa hiyo, akakataa kusaini, kisha itumeni kwa EMS kwenye anwani iliyo kwenye faili lake. Picha ya barua kwenye WhatsApp inaweza kuongezea ushahidi kuwa ilimfikia, lakini isiwe ndiyo njia pekee.

Yapo mazingira ambayo ningekushauri usiendelee na mfano huu bila kukaa ana kwa ana na wakili anayefanya mashauri ya kazi, au na maofisa wa Chama cha Waajiri Tanzania kama kampuni yenu ni mwanachama. La kwanza ni kama meneja mauzo aliyeongoza kikao ndiye pia aliyegundua upotevu au aliyefanya uchunguzi, kwa sababu mwenyekiti hatakiwi kuwa sehemu ya tukio. Hapo huenda mkalazimika kurudia kikao. Na kwa sababu utetezi kwenye stoo za ujenzi mara nyingi ni "niliagizwa na mtu wa mauzo", chunguza hilo kwa makini kabla hujasonga. La pili ni kama alipewa chini ya saa 48 za kujiandaa au alinyimwa mtu wa kumsaidia kikaoni. La tatu ni kama ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, au kama amewahi kulalamika kuhusu mishahara na usalama, maana itadaiwa saruji ni kisingizio. Na kama suala limeshafika polisi na kufunguliwa kesi mahakamani kwa jambo hilohilo, wakili aone kwanza jinsi kesi hiyo inavyogusana na adhabu ya kazini.

Ukienda, beba faili lote: sera ya nidhamu, mkataba, barua ya tuhuma, muhtasari wenye saini, leja, picha za kamera zilizohifadhiwa kwenye kifaa chenu kabla hazijajifuta, na rasimu ya barua ikiwa bado haijasainiwa.